UZI: Wasifu wa mgeni mzungumzaji, maneno yasizidi mia. Yeye kanitumia kurasa nne, mchapaji anataka kazi Alhamisi

JuaLaAhero (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Niko kwenye sekretarieti ya kongamano la ufugaji samaki hapa Kisumu. Mimi ndiye niliyeachiwa kuandika wasifu wa wazungumzaji kwenye kijitabu cha programu. Masharti ni matatu: maneno yasizidi mia, kila kitu kiwe kweli, na usiwe mkavu hadi watu waruke ukurasa. Wengine watano, wote wanaume, nimewamaliza. Huyu wa sita ndiye mgeni mkuu na amenishinda. Alinitumia wasifukazi wa kurasa nne, nami nimechota humo na kuongezea niliyoyakuta mtandaoni. Jina nimeliondoa, namwita Dkt. N. Nilichoandika ni hiki:

*Dkt. N. ni mtafiti mwenye shauku kubwa na uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini katika nyanja mbalimbali za uvuvi. Alizaliwa katika kijiji kidogo huko Nyakach akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto saba. Alipata shahada yake ya kwanza kutoka Chuo Kikuu cha Maseno mwaka 1999, kisha akaendelea hadi Shahada ya Uzamivu. Alihudumu kama afisa wa uvuvi wa Kaunti ya Kisumu kuanzia mwaka 2009 hadi 2012. Hivi sasa yeye ni profesa na amechapisha makala zaidi ya arobaini katika majarida ya kimataifa. Ni mwanamke wa kwanza kufuga samaki kwa vizimba katika Ziwa Victoria. Amehudhuria makongamano mengi ndani na nje ya nchi. Ni mke na mama wa watoto watatu, na katika muda wake wa ziada hupenda kusoma, kusafiri na kuimba kwaya.*

Maneno 119. Nipunguze wapi?

MtuWaViwango

Toa sentensi ya makongamano na yote ya muda wa ziada, umeshuka chini ya mia. Ila kanuni ni hii: anza na shahada zote kwa mpangilio, kubwa kwanza, halafu vyeo, halafu tuzo. Nafsi ya tatu siku zote, hapo umefanya vizuri. Mgeni mkuu lazima aonekane mzito. Mwaka wa kuzaliwa pia huwekwa.

Mama_Chebe

Nimefurahi kuona uzi huu, mimi pia nasumbuliwa na wasifu. Nimeomba kazi ya ukarani sehemu tatu hapa Kericho na hakuna anayejibu. Nimeandika kurasa mbili, na wadhamini watatu. Hiyo ya maneno mia ndiyo inayotakiwa siku hizi?

JuaLaAhero

Mama Chebe, huu ni ule unaochapwa kwenye programu ili watu wajue nani anapanda jukwaani. Wa kuombea kazi ni mwingine. Lakini kaa, huenda kuna kitu utakiokota.

Mhariri_Mstaafu (Kakamega)

JuaLaAhero binti yangu, usipunguze kwanza. Ukianza kukata maneno sasa utabaki na uongo mfupi. Nimepanga vijitabu vya namna hii miaka mingi, na ninachofanya kwanza ni kupiga mstari chini ya kila dai linaloweza kukanushwa na mtu aliyekaa ukumbini. Kwako nimepiga mistari minne.

Wa kwanza ni Maseno 1999. Mwaka huo Maseno haikuwa chuo kikuu kinachotoa shahada zake. Ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, na hadhi kamili ikaja 2001. Kwa hiyo cheti chake huenda kimeandikwa Moi. Hili si jambo dogo, maana ukumbini Kisumu utakuwa na waliosoma naye darasa moja, na wao ndio watakaocheka. Mtego huo huo upo kwa waliosoma Masinde Muliro kabla ya 2007 na wale wa Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kabla ya 2013. Mtu huandika jina la leo kwa shahada ya jana, na hafanyi hivyo kwa nia mbaya. Ndivyo watu wanavyokiita chuo siku hizi.

Wa pili ni afisa wa kaunti kuanzia 2009. Kaunti zimetajwa na Katiba ya 2010, na serikali zake zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mwaka 2009 tulikuwa na wilaya na mkoa. Ama miaka hiyo si sahihi, ama cheo hicho si sahihi. Ungekata maneno bila kuliona hili, lingebaki palepale, kwa sababu linaonekana kama sehemu nzito ya wasifu.

Wa tatu ni profesa. Umeanza na "Dkt." na katikati amekuwa profesa. Hata mtoto wa darasa la sita atauliza. Tazama wasifukazi wake umeandika nini hasa.

Wa nne ni "mwanamke wa kwanza". Nitarudi kwa huo, una mambo yake.

JuaLaAhero

Mzee, nimekaa chini. Wasifukazi unasema "mhadhiri mwandamizi". "Profesa" niliichukua kwa video moja ambapo wanafunzi wake wanamwita Prof.

Kalamu_Bungoma

Wanafunzi humwita Prof hata anayewakopesha kalamu. Mimi chuoni niliitwa Prof kwa sababu ya miwani.

MtuWaViwango

Lakini mhadhiri mwandamizi ni karibu tu na profesa. Ukimpandisha kidogo kwenye kijitabu, nani ataumia? Ni heshima kwa mgeni.

Mhariri_Mstaafu

Ataumia yeye. Kesho mwenzake wa idarani atapiga picha ukurasa huo na kuuweka kwenye kundi la WhatsApp la wahadhiri, halafu aulize "hongera, tulipandishwa lini?" Hawezi kusema ni sekretarieti ilikosea, maana wote wanajua wasifu kawaida hutoka kwa mwenyewe. Cheo cha chuo hupandishwa na chuo. Na kinyume chake pia ni kosa: ukimshusha mtu aliyepandishwa mwezi uliopita, hatakusamehe hadi uzeeni. Mpigie simu, muulize maneno haya: "Mwezi huu cheo chako kinaandikwaje?" Usimuulize "wewe ni profesa?" maana watu wengine huona aibu kusahihisha wakipandishwa.

Nahodha_wa_Dunga

Mimi sijui mambo ya shahada. Nataka kusema juu ya hilo la mwanamke wa kwanza. Nimekaa ziwani tangu utoto, na vizimba vilipoanza kuwekwa huku kwetu wanawake walikuwemo. Wengine walikuwa kwenye vikundi, wengine walikuwa wake za wenye vizimba lakini wao ndio waliolisha samaki. Nani aliwahesabu? Ukisoma hiyo sentensi mbele ya wanawake wa ufuoni, kuna mmoja atasimama.

Mhariri_Mstaafu

Nahodha amenimalizia. "Wa kwanza" ni dai linalohitaji mtu aliyewahesabu wote. Muulize Dkt. N. lilitoka wapi. Mara nyingi utakuta lilianzia kwenye gazeti au kwenye hotuba ya mwanasiasa, na mwenyewe akaliacha lipite kwa sababu kukanusha sifa ni kazi ngumu. Nyuma yake huwa kuna tendo la kweli ambalo ni zuri kuliko hilo "wa kwanza". Tafuta tendo.

JuaLaAhero

Nimempigia jioni hii. Tumeongea dakika ishirini na tano na nimejifunza kuliko kurasa zake nne. Cheti kweli ni cha Moi, yeye alikaa Maseno miaka yote. Mwaka 2009 alikuwa afisa uvuvi wa wilaya. "Kaunti" aliiweka yeye mwenyewe kwenye wasifukazi miaka ya baadaye ili vijana wamwelewe. Profesa amecheka tu, akasema "bado, niombee". Na "wa kwanza" ilitoka kwa mwandishi wa habari mmoja. Kilichofanyika ni kwamba mwaka 2019 alisaidia kikundi cha wanawake kuweka vizimba sita vya ngege. Nikamuuliza makala arobaini. Akasema hapana, ni kama ishirini na tatu, zilizobaki ni muhtasari wa mada alizotoa kwenye mikutano, na mimi ndiye niliyehesabu zote pamoja. Aibu yangu hiyo.

Alisema pia kitu kimoja ambacho hakimo kabisa kwenye zile kurasa nne. Tangu 2018 huenda ziwani kabla ya jua kuchomoza kupima oksijeni kwenye vizimba. Nikamuuliza kwa nini asiende saa mbili asubuhi kama watu wengine. Akasema saa mbili atakuta maiti.

Nahodha_wa_Dunga

Hilo ni kweli tupu. Mchana mwani wa majini hutoa hewa kwa sababu ya jua. Usiku nao unapumua kama sisi, na samaki wanapumua, wote wanakula hewa ile ile. Ikifika alfajiri imekwisha. Kama juzi yake maji ya chini yalipanda kwa upepo ndiyo basi kabisa. Mwishoni mwa 2022 wenye vizimba walilia huku. Mimi ningemsikiliza huyo mama hata bila wasifu.

Kalamu_Bungoma

JuaLaAhero, umesikia alichosema Nahodha? "Ningemsikiliza hata bila wasifu." Wasifu wako uko hapo. Ile sentensi ya boti na alfajiri ndiyo ya kwanza. Shauku kubwa na nyanja mbalimbali tupa ziwani.

Na kwa heshima zote, hayo maneno si Kiswahili chetu. "Mwenye shauku" hakuna anayesema juu ya jirani yake. "Alihudumu kama afisa" nayo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sema "alikuwa afisa". Umeokoa neno moja na sentensi imenyooka. "Katika muda wake wa ziada" ni hivyo hivyo. Bibi yangu angeuliza, ziada ya nini?

MtuWaViwango

Hapo sikubaliani. Programu ya kongamano si hadithi ya sungura. Mkianza na boti na alfajiri, watu watafikiri ni mvuvi. Wasifu rasmi huanza na "Dkt. Fulani ni". Wafadhili wako pale, na watu wa wizara wako pale.

Mhariri_Mstaafu

Una nusu ya hoja, ndugu, na nusu hiyo niichukue. Msomaji akitupa jicho ukurasani anatafuta mambo mawili: huyu ni nani, na kwa nini yeye ndiye anayezungumza juu ya jambo hili. Jina lake lazima liwe ndani ya sentensi ya kwanza, na cheo chake kisifichwe chini kabisa. Hiyo ndiyo nusu yako. Lakini shahada kwa mpangilio haijibu swali la pili. Ukumbi mzima una shahada. Ni wangapi wamepima maji yale alfajiri tangu 2018?

Namna ninayopima ni hii: toa jina lake, weka la mzungumzaji mwingine yeyote wa kongamano hilo hilo. Sentensi inayobaki kweli haina kazi hapo. "Amehudhuria makongamano mengi" ni kweli kwa wote sita. "Uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini" huenda ni kweli kwa wanne. Ya boti itabaki kwake peke yake.

Jambo jingine: usiandike "kwa miaka saba sasa" wala "hivi sasa". Kijitabu kinahifadhiwa, na mwaka ujao mtu atakinakili kwa kongamano lake bila kubadilisha neno. "Tangu 2018" haizeeki.

SautiYaNakuru

Nakuja kwa upande wa kipaza sauti. Mimi ni mshereheshaji, kazi yangu ni kusoma hivyo vitu vyenu. Mnaandika kwa jicho halafu mnanikabidhi mimi niusome kwa mdomo. Maneno mia ya Kiswahili kwa mwendo wa ukumbini ni kama dakika nzima, tena kama hakuna kituo kilichojificha. Sentensi ya maneno arobaini yenye "ambaye" tatu naishiwa pumzi katikati, na watu wanaona.

Kisa changu: mwaka fulani hapa Nakuru nilipewa wasifu wa mzee mmoja. Ndani kulikuwa na "mkazi wa mji wa Nakuru". Tulikuwa tumepata hadhi ya jiji Desemba 2021 na watu walikuwa na moto nayo bado. Nikasoma "mji". Ukumbi ulinizomea kama mimi ndiye niliyeandika. Mzee mwenyewe alisimama akaanza hotuba kwa kunisahihisha. Nyinyi wa Kisumu mmezoea, mlilipata la kwenu 2001.

Ombi langu: kama jina lina matamshi yake, niandikie pembeni. Na hiyo ya mke na mama wa watoto watatu, naomba unieleze. Hao wanaume watano uliowamaliza, umewaandika waume na baba?

JuaLaAhero

...Hapana. Sikuandika kwa hata mmoja.

Nahodha_wa_Dunga

Lakini kwetu mtu hutambulishwa na kwao. Kusema ni wa Nyakach, hilo si tusi. Watu wa Nyakach watakaa vizuri kwenye viti.

Kalamu_Bungoma

Kwao na watoto ni vitu viwili tofauti, Nahodha.

SautiYaNakuru

Nyakach nitaisema mimi kwa mdomo nikiona uso wake uko tayari. Kwenye karatasi mwachie yeye aamue.

Mhariri_Mstaafu

Mimi ningemuuliza mwenyewe. Nimeona wanawake wanaotaka watoto watajwe kwa makusudi, ili vijana wa kike ukumbini wajue inawezekana. Nimeona wengine wanaokasirika sana. Sina kanuni hapo, isipokuwa moja: ukimwandikia mmoja, waandikie wote sita.

JuaLaAhero

Nimeandika upya. Jina na chuo nimevitoa kwa ajili ya hapa. Maneno ni 77, na vikirudi vyote viwili yanafika 84.

*Kabla jua halijachomoza, oksijeni ya majini inapokuwa chini kabisa, Dkt. N. huwa botini akipima maji ya vizimba vya samaki katika Ghuba ya Winam. Kazi hiyo ameifanya tangu 2018. Ni mhadhiri mwandamizi wa sayansi ya uvuvi, na shahada yake ya kwanza aliisomea Maseno. Kabla ya kufundisha alikuwa afisa uvuvi wa wilaya katika fuo za Kisumu. Mwaka 2019 alisaidia kikundi cha wanawake kuweka vizimba sita vya ngege. Atazungumzia dalili ambazo mfugaji anaweza kuziona kwa macho kabla samaki hawajaanza kufa.*

Maseno alitaka ibaki, ndiyo maana nimesema "aliisomea", ambayo ni kweli bila kusema nani aliyetoa cheti. Mwanzo nilikuwa nimeandika "vinne bado vinafuga samaki", nikampigia mwenyekiti wa kikundi, akaniambia kimoja walikitengeneza wiki iliyopita, kwa hiyo ni vitano. Nikaona hadi Alhamisi huenda vikawa sita au vitatu. Nimefuta.

Kalamu_Bungoma

Sasa hapo tumefika. "Aliisomea Maseno" umecheza vizuri.

MtuWaViwango

Uzamivu umeutupa? Alisota miaka mingi kwa ajili ya huo.

JuaLaAhero

Umo ndani ya "Dkt.", ndugu. Herufi tatu.

MtuWaViwango

Wapo wanaojiita Dkt. kwa shahada ya heshima. Msomaji atajuaje?

Mhariri_Mstaafu

Hilo ni swali zuri, kweli. Kwa mhadhiri mwandamizi wa chuo hakuna atakayeshuku, cheo chenyewe kinamlinda. Ingekuwa mwanasiasa au mfanyabiashara ningetaka maneno mawili ya kuonyesha ilikopatikana.

Nina wasiwasi na sentensi ya mwisho, JuaLaAhero. Umemwahidi msomaji kwamba atasikia dalili za kuonekana kwa macho. Je, mada yake ina hizo? Nimewahi kuandika "atafichua" kwa ajili ya utamu, mzungumzaji akaja na mada nyingine kabisa, watu wakanifuata mimi wakati wa chai.

Nahodha_wa_Dunga

Dalili zipo. Samaki wanakataa chakula. Wanapanda juu kuvuta hewa midomo wazi. Maji hubadilika rangi. Sijui yeye atasema zipi.

JuaLaAhero

Nimemwuliza. Muhtasari wa mada unazo, ila ameniomba nisiweke idadi wala nisiseme "siku moja kabla", kwa sababu wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Sentensi imebaki ilivyo.

SautiYaNakuru

Nimeisoma kwa sauti sebuleni nikiwa na saa. Sekunde arobaini na nane, bila jina kamili. Sentensi ya kwanza ina pumzi mbili, inasomeka. Ila "oksijeni ya majini inapokuwa chini kabisa" ulimi unateleza kidogo. Nitafanya mazoezi.

Upande wa Kiingereza wa kijitabu je? Mimi nimewahi kukuta Kiswahili kimekatwa katikati ya sentensi kwa sababu sanduku lilikuwa dogo.

Mhariri_Mstaafu

Amegusa penyewe. Mia ni ya maneno, lakini mchapaji hupima nafasi. Sisi tunasema "hawajaanza" neno moja, wao wanasema matatu au manne. Kwa hiyo wasifu ule ule kwa Kiswahili una maneno machache lakini kila moja ni refu. Ukiambiwa mia kwa lugha zote mbili, cha Kiswahili kitabeba mambo mengi zaidi na sanduku litafurika. Muulize mchapaji sanduku linashika mistari mingapi na kila mstari herufi ngapi. Maneno 84 yako ni kama herufi mia tano na hamsini hivi pamoja na nafasi. Mstari wa herufi sitini, hiyo ni mistari kumi hivi. Akikuambia tisa, ni afadhali ujue leo.

JuaLaAhero

Amesema kumi na mbili. Nimepumua.

Kalamu_Bungoma

Mtumie mwenyewe sasa kabla ya mchapaji. Na mwambie asome kama adui yake.

JuaLaAhero (Jumatano usiku)

Amejibu. Kabadilisha kitu kimoja tu. Amesema "huwa botini" inasomeka kama kila siku, na si kila siku, ni Jumanne na Ijumaa, siku nyingine wanakwenda wasaidizi wake na hataki wafutwe. Kwa hiyo inaanza "Mara mbili kwa wiki, kabla jua halijachomoza". Maneno manne zaidi, jumla 88. Nyakach akasema iwekwe mdomoni kwa mshereheshaji. Watoto hapana.

Mwenyekiti wa kamati naye ameona. Anataka ianze na "Dkt." kwa sababu wengine watano wameanza hivyo na ukurasa utaonekana umepinda. Ninaye kwenye simu sasa hivi. MtuWaViwango, sijui kama ni wewe.

MtuWaViwango

Si mimi. Lakini ana hoja.

Mhariri_Mstaafu

Akishinda, andika "Dkt. N. huwa botini mara mbili kwa wiki kabla jua halijachomoza". Utapoteza mdundo kidogo, boti itabaki. Mimi ningewabadilisha wale watano, ila umesema Alhamisi.

Nahodha_wa_Dunga

Muulize huyo mama kama Ijumaa hii anapita Dunga. Nina vizimba viwili na samaki tangu jana hawali vizuri.

Mama_Chebe

Nimesoma yote. Kwenye wangu niliandika "mwenye shauku kubwa" mara mbili, na pia "karani mkuu" wakati nilikuwa namsaidia karani. Nimetoa. Sasa imebaki ukurasa mmoja na robo, hiyo robo niifanyeje?

Kalamu_Bungoma

Ibandike hapa, Mama. Ondoa namba ya simu na ya kitambulisho kwanza.

JuaLaAhero

Mwenyekiti ameshinda. "Dkt." imekwenda mbele. Nahodha, nimempa ujumbe wako, anauliza samaki wako wana ukubwa gani na maji yana rangi gani asubuhi.